Mgongano wa nyonga: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu umbo la mfupa, vipimo, eksirei na nani afanyiwe upasuaji wa kamera

## Mambo ya msingi

1. Mgongano wa nyonga ni nini hasa?

Kichwa cha fupa la paja ni mviringo kama mpira, nacho huzunguka ndani ya kikombe cha nyonga. Kuzunguka mdomo wa kikombe kuna ukingo laini unaoitwa labramu, unaoziba kiungo kama pete ya mpira inavyoziba mfuniko. Chini ya kichwa kuna shingo ya mfupa, ambayo kwa kawaida ni nyembamba kuliko kichwa, na wembamba huo ndio unaotuwezesha kukunja paja hadi karibu na tumbo bila mfupa kugonga ukingo wa kikombe. Shingo ikiwa nene mahali ilipopaswa kubonyea, au ukingo wa kikombe ukiwa umejitokeza mno, mifupa hiyo miwili hukutana kabla mkunjo haujafika mwisho wake, na vilivyo katikati, yaani labramu na gegedu, ndivyo vinavyoumia.

Mwaka 2003 Reinhold Ganz na wenzake wa Bern, Uswisi, walieleza kwa kina kwamba mgongano huu unaweza kuwa chanzo cha nyonga kusagika kwa watu ambao bado ni vijana. Walikuwa wakifungua nyonga kwa upasuaji mkubwa na kuuona uharibifu kwa macho, mahali palepale mifupa ilipogongana. Mwaka 2016 wataalamu wa fani mbalimbali waliafikiana Warwick, Uingereza, kwamba mtu asiambiwe ana ugonjwa huu mpaka mambo matatu yakutane: dalili anazozieleza mwenyewe, ishara zinazopatikana akichunguzwa kwa mikono, na umbo linaloonekana katika picha. Majibu mengi yaliyo hapa chini yanarudi kwenye mambo hayo matatu.

2. Kuna tofauti gani kati ya aina ya kamu na aina ya koleo?

Anayeijua injini anaijua kamshafti: chuma kinachozunguka, chenye vinundu visivyo duara kamili, na kila kinundu kikipita husukuma kilicho mbele yake. Aina ya kamu ni hivyohivyo. Sehemu ya mbele na juu, pale kichwa kinapoungana na shingo, ina kinundu cha mfupa; paja likikunjwa na kugeuzwa ndani, kinundu kinaingia kwenye kikombe kwa nguvu na kulibandua gegedu kutoka kwenye mfupa, kuanzia pembeni kwenda ndani. Labramu inaweza kuonekana nzima kwa juu huku gegedu lililo nyuma yake limeshaachia.

Katika aina ya koleo kasoro iko kwenye kikombe, ambacho kimekifunika kichwa kupita kiasi, chote au upande wa mbele tu. Hapa labramu ndiyo inayopondwa kwanza kati ya ukingo na shingo, na gegedu huharibika katika ukanda mwembamba. Wagonjwa wengi wana mchanganyiko wa aina zote mbili.

Kinundu cha kamu hakioti ukubwani. Wacheza soka chipukizi wa Uholanzi walipofuatiliwa kwa miaka kadhaa ilionekana kwamba umbo hilo hujijenga wakati bamba la ukuaji la mfupa bado liko wazi, na likishafunga, umbo halibadiliki tena kwa kiasi cha maana. Ndiyo maana huonekana zaidi kwa wanaume waliocheza sana wakati wa kubalehe.

3. Eksirei imeonyesha nina kamu, lakini siumwi. Je, mimi ni mgonjwa?

La. Mapitio ya tafiti yaliyotolewa mwaka 2015 yaliangalia nyonga za watu wasio na maumivu yoyote, na takribani asilimia 37 zilikuwa na umbo la kamu. Kwa wanamichezo zilizidi nusu. Picha ikipigwa kwa sababu nyingine kabisa, na kamu ikaonekana, umbo hilo ni la kuandikwa kwenye faili na si la kutibiwa.

Hata hivyo umbo kubwa sana si la kupuuzwa kwa mtu ambaye nyonga yake imeanza kukakamaa. Katika utafiti mmoja wa Uholanzi uliofuatilia watu wa miaka 45 hadi 65 waliokuwa wameanza kuumwa nyonga au goti, wenye pembe ya alfa, kipimo cha ukubwa wa kinundu kwenye picha, iliyozidi nyuzi 83 na ambao paja lao halikugeuka ndani zaidi ya nyuzi 20, takribani nusu yao nyonga zilisagika vibaya ndani ya miaka mitano. Wenye kamu ya kawaida wengi wao hawakufika huko. Wala hakuna ushahidi kwamba kuichonga kamu isiyouma kunazuia kusagika, kwa hiyo upasuaji wa "kuzuia" haufai kuuzwa kwa mtu mzima wa afya.

## Dalili na uchunguzi wa mikono

4. Maumivu yake yakoje?

Yako kwenye kinena, ndani kabisa, na mgonjwa akiulizwa aonyeshe mara nyingi huishika nyonga kwa kidole gumba nyuma na vidole vingine mbele, kana kwamba anapima unene wa kitu kilicho ndani. Huzidi anapokaa muda mrefu kwenye kiti cha chini, anaposhuka kwenye gari, anapofunga kamba za viatu, na kwetu swali linalofichua mengi ni la choo cha kuchuchumaa: wengi wameshaanza kunyoosha mguu mmoja pembeni bila kujua kwa nini. Kuna pia wanaosikia mkwaruzo au kunasa.

Maumivu yaliyo pembeni ya nyonga, yanayomzuia mtu kulalia ubavu, kwa kawaida hutoka kwenye kano za misuli ya makalio. Yanayoshuka chini ya goti hadi mguuni yanaelekeza mgongoni.

5. Kipimo cha FADIR kinafanywaje, na jibu lake lina uzito gani?

Mgonjwa hulala chali. Mpimaji hukunja paja hadi nyuzi 90, hulisogeza kuelekea upande wa pili wa mwili, kisha huligeuza ndani, yaani unyayo unakwenda nje huku goti likiingia ndani. Kipimo kinahesabiwa kuwa chanya ikiwa kimeleta maumivu yaleyale anayoyajua mgonjwa. Kuhisi kubanwa tu hakutoshi, kwa kuwa nyonga nyingi zenye afya huhisi hivyo zikisukumwa mwisho.

FADIR ni kipimo cha kuondoa shaka zaidi kuliko cha kuthibitisha. Kikiwa hasi kabisa, uwezekano wa mgongano unapungua sana. Kikiwa chanya, kinasema tu kwamba kuna kitu ndani ya kiungo, kwani hata nyonga iliyosagika au yenye maambukizi itauma hivyohivyo. Kwa sababu hiyo kinapaswa kuandamana na upimaji wa mzunguko wa ndani. Paja likiwa limekunjwa nyuzi 90, ligeuzwe taratibu huku mkono mwingine ukiwa kwenye mfupa wa nyonga, na pale mfupa huo unapoanza kuinuka kitandani ndipo usomaji unapokoma. Wanaosahau mkono huo wa pili huandika nyuzi 30 kwa mtu mwenye 15, kwa maana nusu ya mzunguko imetoka kiunoni. Upande wa pili upimwe pia, kwani tofauti kati ya pande mbili inaeleza zaidi kuliko namba moja peke yake.

6. Ni magonjwa gani yanayojificha nyuma ya maumivu kama haya?

Katika Afrika Mashariki swali hili linatangulia mengine yote. Kijana mwenye selimundu anayeumwa kinena afikiriwe kwanza kuwa kichwa cha fupa la paja kimekosa damu na kinakufa, na eksirei ya mwanzo inaweza kuwa safi kabisa. Homa za jioni, kupungua uzito na nyonga iliyokakamaa kila upande huita kifua kikuu cha kiungo. Mkimbiaji aliyeongeza mwendo ghafla, ambaye sasa anaumia kila anapokanyaga, huenda ana ufa kwenye shingo ya fupa la paja. Huyo aache kukimbia siku hiyohiyo, kwa sababu ufa unaweza kuwa mvunjiko kamili. Mtoto wa miaka 10 hadi 15 anayechechemea, hata kama analalamikia goti, apigwe eksirei ya nyonga kuangalia kama kichwa kimeteleza kwenye bamba la ukuaji. Ngiri nayo huuma palepale kinenani.

7. Kwa nini daktari anataka kuchoma ganzi ndani ya nyonga?

Ili kujua kama maumivu yanatoka ndani ya kiungo. Ganzi huingizwa kwa kuongozwa na ultrasaundi au eksirei, kisha mgonjwa huombwa afanye yaleyale yanayomuumiza: achuchumae, apande ngazi, akae kwenye kiti cha chini. Maumivu yakipungua sana kwa saa chache, chanzo kiko ndani. Yasipopungua, kuchonga mfupa hakutamsaidia, hata kama picha inaonyesha kinundu kikubwa.

## Kusoma picha

8. Ni eksirei zipi ziombwe, na ipi irudishwe?

Picha mbili zinatosha kuanza: ya fupanyonga lote kutoka mbele, pande zote mbili zikionekana, na ya Dunn, ambayo paja hukunjwa nyuzi 45 na kutanuliwa nje nyuzi 20 ili sehemu ya mbele ya shingo ijitokeze pembeni. Picha ya nyonga moja iliyokatwa katikati, ambayo bado tunaletewa kila wiki, haifai kwa kazi hii kwa sababu haionyeshi kama mgonjwa alilazwa sawa.

Ulazaji hukaguliwa hivi: ncha ya kifandugu iwe mkabala na kiungo cha kinena, umbali kati yao uwe takribani sentimita 1 hadi 3, na matundu mawili ya chini ya fupanyonga yalingane kwa umbo. Umbali ukizidi, fupanyonga limeinamia mbele, na kikombe cha kawaida kitaonekana kimegeukia nyuma. Picha ya namna hiyo ni ya kupigwa upya, na hakuna mjadala wa koleo mpaka ipigwe.

9. Pembe ya alfa hupimwaje?

Chora duara linalokaa sawasawa juu ya kichwa cha fupa la paja. Kutoka katikati ya duara chora mstari unaopita katikati ya shingo. Kisha, kutoka katikati ileile, chora mstari wa pili hadi mahali ukingo wa mfupa unapotoka nje ya duara kwa mara ya kwanza. Pembe iliyo kati ya mistari hiyo miwili ndiyo alfa: kinundu kikiwa kikubwa, mfupa hutoka nje ya duara mapema na pembe huwa kubwa. Nötzli na wenzake waliitumia katika MRI mwaka 2002. Wagonjwa wao walikuwa na wastani wa nyuzi 74, na watu wa kulinganishwa nyuzi 42.

Zamani mpaka uliowekwa ulikuwa nyuzi 50 au 55, na siku hizi wengi hutumia 60, ili watu wasio wagonjwa wasiingizwe kwenye kundi. Kosa la kawaida ni kuipima kwenye picha ya mbele tu. Kinundu hukaa mbele na juu, hivyo picha hiyo inaweza kusoma 48 wakati ile ya Dunn ya nyonga hiyohiyo inasoma 68.

10. Na kikombe kinasomwaje?

Kipimo kikuu ni pembe ya Wiberg. Kutoka katikati ya kichwa chora mstari wima kwenda juu, na mwingine hadi ukingo wa nje wa kikombe. Chini ya nyuzi 20 kikombe ni kifupi. Kati ya 20 na 25 ni eneo la mashaka. Juu ya 40 kimefunika mno na tunazungumzia koleo.

Kikombe kilichogeukia nyuma hutambuliwa kwa alama ya kupishana: mstari wa ukuta wa mbele, badala ya kubaki ndani ya ule wa nyuma hadi juu, unaukatiza. Alama hii peke yake hudanganya sana. Inapata nguvu ikiwa katikati ya kichwa iko nje ya mstari wa ukuta wa nyuma, na ikiwa mwiba wa mfupa wa kitako unachungulia ndani ya fupanyonga. Ama ile alama ya zamani ya kikombe kuzama, ambapo sakafu yake inagusa mstari wa mfupa ulio ndani, imeachwa kama dalili ya koleo, kwa kuwa huonekana kwa wanawake wengi wenye nyonga za kawaida.

11. Je, MRI ni lazima?

Kabla ya upasuaji, ndiyo. Kwa ajili ya kumwambia mtu ana ugonjwa, si lazima kila mara. Labramu iliyochanika huonekana kwa watu wengi wasioumwa, kwa hiyo ripoti yenye neno "mchaniko" isimpeleke mtu chumba cha upasuaji. Thamani kubwa ya MRI ni kuonyesha hali ya gegedu na kuondoa magonjwa ya swali la 6.

## Nani afanyiwe upasuaji

12. Ni mgonjwa wa namna gani anayefaa?

Tuchukue mfano wa kubuni. Mwanasoka wa timu ya mtaa, miaka 27, ameumwa kinena cha kulia kwa miezi minane. FADIR inaleta maumivu yake yaleyale. Mzunguko wa ndani ni nyuzi 10 kulia na 30 kushoto. Alfa katika picha ya Dunn ni 68, Wiberg 31, na nafasi ya kiungo, yaani mwanya kati ya mifupa miwili, ni milimita 4. Mambo matatu ya swali la 1 yamekutana, lakini bado si wa kupasuliwa. Anapewa kwanza wiki 12 za tiba ya mazoezi inayosimamiwa: kuimarisha makalio na kiwiliwili, kubadilisha namna anavyochuchumaa na anavyopiga mpira, bila kulazimisha mkunjo wa mwisho. Baada ya hapo amepata nafuu kidogo tu, na ganzi ndani ya kiungo inamwondolea karibu maumivu yote kwa saa nne. Huyu sasa anafaa.

Mwingine ana miaka 46, alfa 70, maumivu yaleyale, hata FADIR ni ileile. Nafasi ya kiungo chake ni milimita 1.8 upande wa juu, na kuna vifuko vidogo kwenye mfupa. Kwake kinundu ni historia. Kinachouma sasa ni kusagika.

13. Ni nani asipasuliwe kwa kamera?

Mwenye nafasi ya kiungo ya milimita 2 au pungufu, au daraja la 2 na zaidi la Tönnis, mfumo wa kupanga kusagika kwa nyonga katika eksirei, kwa kuwa wengi wa hao huishia kuwekewa nyonga bandia muda si mrefu baadaye. Mwenye kikombe kifupi naye asipasuliwe hivi, maana labramu na kifuko cha kiungo ndivyo vinavyokishikilia kichwa chake. Ukivikata na kuviacha, nyonga inaweza kulegea na hata kuteguka. Huyo anahitaji kufikiriwa upasuaji wa kukigeuza kikombe chenyewe. Wenye Wiberg kati ya 20 na 25 ni kesi za kujadiliwa mmoja mmoja, na daktari asiyeona ugumu wowote hapo anatia wasiwasi.

14. Katika chumba cha upasuaji kunafanyika nini?

Mguu huvutwa kwa mashine mpaka kiungo kifunguke takribani sentimita 1, kisha kamera na vifaa huingizwa kupitia matundu madogo huku eksirei hai ikiongoza. Labramu iliyoachia hushonwa kwa nanga ndogo. Mguu hulegezwa, na kinundu husagwa kwa kifaa cha mota hadi shingo ibonyee tena, na daktari hukunja paja kuhakikisha hapagongi. Kifuko cha kiungo hushonwa mwishoni.

Muda wa kuvuta mguu huwekwa chini ya saa mbili, kwa sababu mvuto na nguzo iliyo katikati ya mapaja hubana neva. Ganzi sehemu za siri au upande wa paja hutokea kwa baadhi, na kwa kawaida huisha baada ya siku au wiki.

15. Je, upasuaji unashinda mazoezi?

Kwa wastani, kidogo. Jaribio la FASHIoN la Uingereza, lililotolewa mwaka 2018 likiwa na wagonjwa 348, lilikuta waliopasuliwa wakiwazidi wenzao wa mazoezi kwa alama 6.8 kati ya 100 katika dodoso la hali ya nyonga baada ya mwaka mmoja. Tofauti ambayo mgonjwa huanza kuihisi ni kama alama 6. Jaribio la FAIT, la mwaka 2019, wagonjwa 222, lilikuta tofauti ya alama 10 baada ya miezi minane. Jaribio dogo la wanajeshi wa Marekani halikukuta tofauti baada ya miaka miwili, ila takribani asilimia 70 ya waliopangiwa mazoezi waliishia kupasuliwa, kwa hiyo ulinganisho wake umechanganyika.

Pande zote mbili zilipata nafuu katika FASHIoN, na wengi wa waliofanya mazoezi hawakuhitaji kisu. Hilo ndilo linalohalalisha zile wiki 12 za swali la 12 kwa mtu ambaye nyonga yake haijaanza kuharibika.

16. Nilipasuliwa mwaka jana na bado ninaumwa. Kilikosewa nini?

Sababu inayopatikana mara nyingi zaidi ni kinundu kilichobaki. Daktari alisaga sehemu aliyoiona vizuri, na ile ya juu karibu na mishipa ya damu au ya mbele kabisa ikaachwa. Dawa ya kulijua hilo ni picha ya Dunn mpya, ipimwe alfa kama katika swali la 9 na kulinganishwa na ya kabla ya upasuaji. Ikiwa ilikuwa 68 na sasa ni 65, jibu liko mezani.

Kosa la upande wa pili ni kusaga kupita kiasi. Majaribio kwenye mifupa ya maiti yalionyesha kwamba kuondoa zaidi ya asilimia 30 ya unene wa sehemu ya mbele ya makutano ya kichwa na shingo kunaidhoofisha shingo hadi inaweza kuvunjika kwa nguvu ndogo. Pia kichwa kilichobonyezwa mno hupoteza mziba wa labramu, na mgonjwa husema nyonga "inateleza". Mfupa unaweza vilevile kuota kwenye misuli iliyopitiwa na vifaa, jambo ambalo madaktari wengi hulizuia kwa dawa za kupunguza uvimbe wiki za mwanzo.

Kabla ya kukubali upasuaji wa pili, omba sindano ya swali la 7 irudiwe. Isipopunguza maumivu, mfupa uliobaki siyo chanzo cha maumivu yako.